Peislipu inaruhusu 600,000, benki inasema 400,000: hesabu yao inatoka wapi?

#1 Lanet_Umoja
Wadau, hamjambo. Nimeajiriwa kwenye kiwanda kimoja hapa Nakuru, ajira ya kudumu, mwaka wa nne huu. Nataka kumalizia nyumba huko Njoro, nikaomba 600,000 kwa miezi 48 kutoka benki ninayopokelea mshahara. Riba yao ni asilimia 16 kwa mwaka, kwa salio linalopungua. Kabla sijaenda nilipiga ile hesabu ya theluthi nikaona natoshea. Jibu limekuja jana: 400,000, chukua au acha.

Peislipu yangu: msingi 45,000, marupurupu ya nyumba 12,000, usafiri 5,000, jumla 62,000. Makato: NSSF 3,720, SHIF 1,705, ushuru wa nyumba 930, PAYE 9,077, mkopo wa SACCO 9,500, hisa za SACCO 3,000. Naondoka na 34,068.

Theluthi ya 45,000 ni 15,000. Ukitoa hiyo kwenye 34,068, nina nafasi ya 19,068. Mkopo wa 600,000 ungenikata 17,004 kwa mwezi. Sasa hiyo 400,000 wameitoa wapi? Ofisa wa mikopo anasema tu "mfumo ndio umesema". Nina pia nyumba nne za kupangisha huko huko Njoro, 4,500 kila moja. Nilipomtajia hakuandika hata herufi.

#2 Ingo_Damu
Mfumo ukisema, umesema. Jenga hadi kwa lenta, mabati utaweka Yesu akirudi.

#3 Wakili_Mtaani
Bwana Lanet, umepiga theluthi upande usio wake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote yasizidi theluthi mbili. Theluthi mbili ya 45,000 ni 30,000. Makato yako ya sasa, ukijumlisha ushuru na SACCO, ni 27,932. Nafasi uliyonayo ni 2,068 peke yake. Shukuru Mungu kwa hiyo 400,000, benki imekufumbia macho.

#4 Mwalimu_Shinyalu
Wakili, hapana. Kifungu umekitaja sawa lakini hesabu umeipindua. Sheria inasema theluthi mbili ya mshahara, haisemi ya mshahara wa msingi. Hiyo ya msingi ndiyo ofisi za serikali hutumia, na huwa wanaangalia kile unachobaki nacho mkononi: kisishuke chini ya theluthi moja ya msingi. Yaani jinsi Lanet alivyopiga. Kwetu walimu, ukishafika hapo mkopo mwingine haupiti kwenye peislipu. Ingekuwa kama unavyosema wewe, nusu ya staffrumu yetu isingekuwa na mkopo, na ninavyowajua, hakuna asiye nao.

#5 Wakili_Mtaani
Kama ni ya mshahara wote basi piga: theluthi mbili ya 62,000 ni 41,333. Toa 27,932. Inabaki 13,401. Hata hivyo haifiki 17,004. Kwa hiyo benki iko sawa kisheria, ubishi umekwisha.

#6 Boda_Kondele
Mimi ninauliza, kwa logibuku ya pikipiki wanaweza kunipa ngapi? Ni Boxer ya mwaka juzi, haina deni.

#7 Ingo_Damu
@Boda_Kondele hapa tunajadili peislipu, wewe unaleta Boxer.

#8 Boda_Kondele
Si mmesema mkopo? Haya basi, nakaa pembeni nasoma.

#9 Nyar_Ahero
Nilikuwa dawati la kuchambua mikopo ya watu binafsi kwenye benki moja Kisumu kabla sijaingia biashara. Niseme ninavyojua.

Mwalimu na Wakili mnabishana juu ya kitu ambacho si swali la Lanet. Theluthi inamhusu mwajiri: ni mpaka wa kile anachoruhusiwa kukata kwenye mshahara kabla haujakufikia. Inakuwa kipimo kikuu pale benki na mwajiri wameandikiana, mwajiri anakata na kupeleka mwenyewe, ile chekofu. Mwalimu wa TSC yuko hapo. Lanet, kiwanda chako kina mkataba kama huo na hiyo benki? Kama hakina, benki inasubiri mshahara uingie kwenye akaunti ndipo ivute. Siku utakayohamishia mshahara benki nyingine, wamebaki na karatasi. Kwa hiyo wanatumia kipimo chao cha ndani, na huwa kikali kuliko theluthi.

Mara nyingi kipimo chenyewe ni hiki: madeni yako yote ya kila mwezi, ya zamani na hili jipya, yasizidi sehemu fulani ya mshahara baada ya makato ya kisheria. Kuna wanaotumia asilimia 40, kuna 50, kuna wanaopandisha kwa wenye mshahara mkubwa. Hebu tujaribu 50 kwako. Jumla 62,000, toa NSSF, SHIF, ushuru wa nyumba na PAYE, inabaki 46,568. Nusu yake ni 23,284. Mkopo wa SACCO unakula 9,500. Unabaki na 13,784 ya deni jipya. Kwa asilimia 16 miezi 48, hiyo inabeba kama 486,000.

Hisa za SACCO sikuzitoa kwa sababu si deni, ingawa kuna wachambuzi wanaozitoa. Ukiona bado inazidi 400,000 yako, maana yake kuna deni lingine wanaloliona na hujatuambia. Una mkopo wa simu?

#10 Lanet_Umoja
Asante sana dada. Kiwanda hakina mkataba nao, tulio na mshahara hapo ni wachache. Mkopo wa simu upo, wa benki nyingine, nalipa 2,300 kila mwezi, umebaki kama 12,000 tu. Lakini huo hauko kwenye peislipu, wameuonaje?

#11 Nyar_Ahero
Wameuona CRB. Ukitia sahihi fomu ya maombi umewaruhusu kuvuta ripoti yako, na ripoti haionyeshi walioshindwa kulipa peke yao. Inaonyesha mikopo yote iliyo hai, hata unayolipa vizuri: nani alikupa, kiasi gani, salio, na kama umewahi kuchelewa. Watu wanadhani CRB ni orodha ya waasi tu.

Sasa toa 2,300 kwenye 13,784. Inabaki 11,484. Hiyo inabeba 405,000 na ushee. Mfumo unashusha hadi namba ya mviringo, unapata 400,000, ambayo itakukata kama 11,336. Sijui kama ndivyo walivyopiga, sina faili yako, lakini namba inakaa karibu mno.

#12 Wakili_Mtaani
Na yangu ya #5 je? 13,401 toa 2,300 ni 11,101. Inabeba 391,000 hivi. Nayo iko karibu.

#13 Nyar_Ahero
Iko karibu kwa chini, Wakili. Wamempa 400,000, ambayo inakata zaidi ya 11,101. Mfumo unaofuata hesabu yako ungempa 390,000.

#14 Wakili_Mtaani
Ama meneja alipandisha kidogo kwa mkono. Mameneja wana mamlaka yao.

#15 Nyar_Ahero
Inawezekana. Hilo silikatai.

#16 Mama_Kibuye
Hamjambo wanangu. Mimi nina swali linalofanana na la huyu kijana. Nauza vitenge Kibuye, sina peislipu. Pesa zangu zinaingia kwa tili, nyingine kwa namba yangu ya kawaida, nyingine keshi. Niliambiwa nilete stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita. Kwa mwezi zinaingia hata 180,000. Wakaniambia uwezo wangu ni kama wa mtu wa 25,000. Nilihisi nimetukanwa.

#17 Nyar_Ahero
Mama, hawakukutukana, ingawa wangekueleza kwa adabu. Ile 180,000 ni mauzo. Humo ndani mna pesa ya kununulia vitenge vingine, kodi ya kibanda, nauli, msaidizi. Mchambuzi anatafuta kinachobaki.

Kabla hata hajafika kwenye faida, ana kazi ya kupalilia ile stetimenti. Anatoa pesa ulizojitumia mwenyewe kutoka benki kwenda simu, kwa sababu shilingi moja ikizunguka mara tatu inaonekana tatu. Anatoa mikopo iliyoingia. Anatoa miamala iliyorudishwa. Anatoa pesa za chama zilizopitia kwako kama mweka hazina. Kinachobaki anakigawanya kwa miezi, na mwezi uliokuwa juu sana, kama Desemba, anaweza kuuweka kando. Baada ya hapo ndipo anapiga faida ya biashara ya nguo, ambayo kila benki ina makadirio yake.

Kitu kingine: kwenye hiyo PDF atatafuta mistari iliyoandikwa `OverDraft of Credit Party`. Hiyo ni Fuliza. Moja moja hakuna neno. Ikijitokeza karibu kila siku, na kila pesa ikiingia inamezwa kwanza na deni la jana, anaandika pembeni kwamba huyu mtu hana akiba ya hata siku moja. Nimeona watu wenye mauzo mazuri wakikataliwa kwa mistari hiyo. Na za kubeti, zile namba za pebili tunazijua kwa kichwa.

#18 Ingo_Damu
Kwa hiyo dabi ya Mashemeji niliyoweka mia tano mnaiona?

#19 Nyar_Ahero
Tunaiona, na tunaona kwamba ulipoteza 😄

#20 Mama_Kibuye
Ya chama ndiyo yangu hiyo. Mimi ndiye mweka hazina, wanawake 30 wananitumia kila Ijumaa. Basi wameitoa yote?

#21 Nyar_Ahero
Wakijua wanaitoa, na kuijua ni rahisi: watu walewale, kiasi kilekile, Ijumaa ileile, na kesho yake inatoka mzigo mmoja kwa mtu mmoja. Pelekeni chama kwenye akaunti yake. Wateja nao waambie walipe kwa tili, wasitume kwa namba yako. Tili ina stetimenti yake peke yake, inaonyesha wateja wengi tofauti wenye viasi vidogo, na hiyo ndiyo sura ya biashara. Keshi jioni iweke benki, hata kama ni kidogo, siku zote. Na kibali cha biashara cha kaunti kiwe na jina lako, au jina la duka lililosajiliwa kwako. Mwenye kibali cha jina la dadake anaanza upya.

#22 Chai_Mudete
Na sisi wa majani chai je? Kiwanda chetu kiko chini ya KTDA, tunalipwa kila mwezi kwa kilo, halafu bonasi ya mwisho wa mwaka inakuja mwezi wa kumi. Kwangu bonasi ndiyo pesa. Ya mwezi ni ya sukari na kibiriti. Benki ikachukua ya mwezi tu ikaniambia naweza kulipa 4,000. Bonasi wameitupa.

#23 Mwalimu_Shinyalu
Bonasi haiko sawa kila mwaka. Mwaka mmoja inapanda, mwingine mnachoma matairi barabarani.

#24 Chai_Mudete
Mwalimu, usitukumbushe.

#25 Nyar_Ahero
Mwalimu amegusa sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba mkopo wa kawaida unadai kila mwezi, na pesa ya Oktoba hailipi deni la Machi. Mzee Chai, wewe mkopo wako si wa aina hii. Ulizia wenye mkopo ambao sehemu kubwa hulipwa bonasi inapoingia, na upeleke rekodi za malipo za miaka mitatu, si ya mwaka mmoja mzuri. Wakiona miaka mitatu watachukua ule wa chini kabisa kama kipimo. Ukipeleka mmoja, wanakisia, na wakikisia wanakisia kwa chini.

#26 Sista_Migosi
Mimi ni muuguzi wa mkataba hapa Kisumu. Peislipu yangu ilikuwa safi, sina deni hata moja, CRB safi. Nikaomba miezi 36, wakanipa miezi 12. Sababu: barua ya ajira inasema mkataba unaisha baada ya miezi 14. Uwezo wa kila mwezi walisema ninao tele, lakini kwa miezi 12 kiasi kinakuwa kidogo mno. Mwenzangu wa daraja lilelile, ameajiriwa kudumu, alipata mara tatu yangu.

#27 Wakili_Mtaani
Huo ni ubaguzi. Mikataba ya kaunti huongezwa kila mara.

#28 Sista_Migosi
Huongezwa, ndiyo. Lakini barua ya kuongezwa inakuja ukiwa umeshakaa miezi miwili bila mshahara. Ningekuwa benki, hata mimi ningeogopa.

#29 Mwalimu_Shinyalu
Hapo ndipo watu wanapojisahau: tunaangalia mshahara ni ngapi, wao wanaangalia ni wa muda gani na upande upi utaanguka. Mwalimu mwenzetu alikuwa kisiwani Mfangano, anakula marupurupu ya mazingira magumu. Akachukua mkopo hadi kwenye mstari wa theluthi. Mwaka uliofuata akapata uhamisho wa kuja Kakamega, akafurahi, akachinja kuku. Yale marupurupu yakaondoka kwenye peislipu na mkopo ukabaki vilevile. Alichokuwa anapokea hakikutosha hata kodi, akaanza kufunza tuisheni usiku.

#30 Lanet_Umoja
Sawa, hiyo inanirudisha kwa marupurupu yangu. Kuna jamaa kazini anasema benki hawahesabu usafiri wala ovataimu, wanachukua msingi na nyumba tu. Nyar_Ahero, kwenye hesabu yako umechukua yote 62,000. Nani mkweli?

#31 Nyar_Ahero
Inategemea benki, na mara nyingine inategemea jinsi peislipu inavyoonekana. Sisi tulikuwa tunachukua kitu chochote kinachotokea kwa kiasi kilekile kwenye peislipu tatu zinazofuatana. Usafiri wa 5,000 kila mwezi tuliuhesabu. Ovataimu ya 7,000 mwezi mmoja, 0 mwezi wa pili, 12,000 wa tatu, hatukuihesabu. Posho za safari za kikazi kamwe.

Lakini mtu mwenye ovataimu ya kila mara anaweza kuleta P9, ile fomu ya mwaka mzima ambayo mwajiri anatoa kwa ajili ya ritani za KRA. Inaonyesha mwezi kwa mwezi. Niliwahi kubadilisha msimamo wangu juu ya mtu wa kiwanda cha maua Naivasha kwa sababu ya P9. Peislipu tatu zilikuwa za msimu mbaya, P9 ikaonyesha miezi mingine tisa ilivyokuwa. Nikachukua wastani, nikapunguza kidogo, ikapita.

#32 Kiptoo_Elburgon
Niko benki sasa hivi, si Kisumu, na sitataja ipi. Kwetu usafiri hatuhesabu. Msingi na nyumba tu. Mkiingiza hiyo kwenye hesabu ya dada, Lanet hafiki hata 400,000. Kwa hiyo ama benki yake inatumia zaidi ya asilimia 50, ama hesabu ni nyingine kabisa. Kuna pia alama za mfumo: umri wa akaunti, miaka kazini, aina ya mwajiri, historia ya CRB. Alama zikiwa za kati, mfumo unakata kiasi hata kama uwezo wa kila mwezi upo. Mimi naamini ni alama. Mkopo wa simu uliwahi kuchelewa?

#33 Lanet_Umoja
Mara moja, kama wiki hivi. Simu iliharibika.

#34 Kiptoo_Elburgon
Basi.

#35 Nyar_Ahero
Wiki moja haikati laki mbili, Kiptoo. Siku 90 ndizo zinazokuweka kwenye rangi nyekundu.

#36 Kiptoo_Elburgon
Kwenu. Kwetu hata wiki moja kwenye miezi sita ya mwisho inashusha daraja. Tukubaliane kutokubaliana.

#37 Lanet_Umoja
Tuachane na hilo kwanza. Za kupangisha: nyumba nne mara 4,500 ni 18,000 kwa mwezi. Mbona hakuandika?

#38 Wakili_Mtaani
Kwa sababu hulipi kodi ya mapato ya upangishaji. Asilimia 7.5 kwa KRA kila mwezi. Bila risiti hizo, kwa benki hizo nyumba hazipo.

#39 Nyar_Ahero
Asilimia 7.5 ni kweli, imekuwa hivyo tangu Januari 2024. Lakini ile kodi ya kila mwezi inaanzia kodi ya nyumba ya 288,000 kwa mwaka. Lanet anapata 216,000 zote zikiwa na wapangaji. Hayumo. Anachotakiwa ni kuyaonyesha mapato hayo kwenye ritani yake ya mwaka, ile ya kabla ya Juni 30. Umeyaonyesha, Lanet?

#40 Lanet_Umoja
…Tuendelee na mada.

#41 Ingo_Damu
😂😂 KRA wako humu wanasoma.

#42 Nyar_Ahero
Nakwambia kwa wema: ritani inayosema mapato yako ni mshahara tu, halafu fomu ya mkopo inasema una 18,000 za kupangisha, mchambuzi ataamini ritani. Rekebisha hilo kwanza.

Halafu wapangaji wanalipaje? Kama ni keshi mkononi, sahau. Waambie walipe kwenye akaunti yako ya benki au pebili ya benki, na jina la nyumba likiwa kwenye maelezo. Andikiana nao mikataba, hata ya ukurasa mmoja, yenye kiasi na sahihi. Umiliki wa ploti uonekane: hati kwa jina lako. Kama ploti bado ni ya baba, tafuta njia ya kuonyesha kwamba kodi ni yako, na jiandae kwa maswali. Miezi sita ya pesa ya kodi ikiingia kwa mpangilio, kiasi kilekile, tarehe zilezile, ndipo mchambuzi anaanza kuiandika. Hata hapo hataandika 18,000. Ataondoa sehemu kwa nyumba kukaa tupu na matengenezo, labda abaki na 11,000 au 12,000. Lakini kwenye kipimo cha nusu, hiyo inakuongezea kama 5,500 ya kulipia deni. Ukijumlisha na 13,784, baada ya kumaliza mkopo wa simu, umevuka 17,004.

#43 Boda_Kondele
Nimesoma yote. Kwa hiyo mimi ninayepokea kwa simu kila siku 100, 150, 200, nikitumia tili badala ya namba yangu, nitaonekana kama Mama_Kibuye?

#44 Nyar_Ahero
Kabisa. Na wewe una kitu ambacho wengi hawana, pesa inaingia kila siku. Hiyo Boxer iache iwe dhamana, lakini mapato yako ndiyo yatakayosema ulipe ngapi. Mtu mwenye logibuku bila mapato anaanguka kipimo hikihiki.

#45 Boda_Kondele
Asante dadangu. Ingo umesikia?

#46 Fundi_Kaptembwo
Njia fupi: kopa kwa ndugu 200,000, weka kwenye akaunti, toa, weka tena. Stetimenti inanona.

#47 Kiptoo_Elburgon
Tunaiona. Pesa iliyoingia Jumatatu ikatoka Jumanne ikarudi Alhamisi, kiasi kilekile. Hatuhitaji hata mfumo, macho yanatosha. Na wanaobadilisha PDF, wasisahau kwamba kila mstari una salio lake. Salio la juu, jumlisha kilichoingia, lazima lipate salio linalofuata. Mtu anaongeza sifuri kwenye mshahara, anasahau salio kumi na tano zilizo chini yake. Tukikuta hiyo hatukatai mkopo tu, faili inapelekwa mahali pengine.

#48 Fundi_Kaptembwo
Nilikuwa nauliza kwa niaba ya rafiki.

#49 Lanet_Umoja
Sasa nifanye lipi? Nichukue 400,000 au nisubiri? Au niombe miezi 72 ili makato yashuke?

#50 Nyar_Ahero
Miezi 72 kwa 600,000 ni kama 13,015 kwa mwezi. Ukimaliza ile 12,000 ya simu kwanza, una nafasi ya 13,784, kwa hiyo unaweza kutoshea, kama wanakubali miezi mingi hivyo. Bei yake ni kwamba kwa miezi 48 ungelipa jumla kama 816,000, kwa 72 unalipa kama 937,000. Laki moja na ushee zaidi kwa nyumba ileile. Na bado sijaweka ada ya kushughulikia mkopo na bima, zinazotolewa kwenye pesa kabla hujaipokea. Uliza barua ya ofa inasema nini juu ya hizo kabla ya kutia sahihi.

Ningekuwa wewe ningemaliza mkopo wa simu, nisubiri hadi CRB ionyeshe umefungwa, nikaombe upya. Kwa miezi 48 hapo unaingia karibu 486,000, kama benki inatumia nilichodhani.

#51 Mwalimu_Shinyalu
Au arudi SACCO. Ana hisa huko, anakopa mara tatu ya akiba, wanamjua.

#52 Lanet_Umoja
SACCO wanataka wadhamini watatu na wenzangu wote wameshadhaminiana hadi shingoni. Ndiyo sababu nilienda benki.

#53 Wakili_Mtaani
Kuwa mdhamini nako kunahesabiwa kwenye uwezo?

#54 Kiptoo_Elburgon
Ikionekana CRB, wengine wanahesabu.

#55 Nyar_Ahero
Sisi hatukuhesabu mpaka yule aliyedhaminiwa aanze kuchelewa.

#56 Wakili_Mtaani
Basi nina jamaa mmoja wa kumpigia simu usiku huu.